SOMO LA KITABIBU: Mgonjwa anaposema "tumbo linaniuma" – maswali sita ya kuuliza kabla ya kuandika dawa

Somo hili limeandaliwa kwa ajili ya matabibu, wauguzi na wahudumu wa afya wanaopokea wagonjwa wa nje katika zahanati na vituo vya afya vya kambini. Wahudumu wa afya ya jamii wanaotembelea kaya nao watapata humu maswali wanayoweza kumuuliza mgonjwa nyumbani kabla ya kumleta kituoni.

Baada ya kusoma somo hili utaweza:
- kuuliza maumivu ya tumbo kwa mpangilio, kwa kutumia maswali sita;
- kueleza kwa nini jibu la kila swali linaongeza au linapunguza orodha ya magonjwa yanayoweza kuwa chanzo;
- kumtambua mgonjwa ambaye hapaswi kurudi nyumbani na vidonge.

Kwa nini tumechagua tumbo

Maumivu ya tumbo yana tatizo lake. Mgonjwa anakuja na neno moja, "tumbo", na chini ya neno hilo kuna ini, utumbo, figo, kibofu na kizazi. Katika maeneo yenye malaria nyingi kama mkoa wa Kigoma, mgonjwa huyo hupimwa kwa kipimo cha haraka cha malaria, na kikisoma chanya kazi huonekana imekwisha. Lakini vipimo vingi vya haraka tunavyotumia hutafuta protini ya kimelea, na protini hiyo hubaki kwenye damu kwa wiki kadhaa hata baada ya vimelea kufa. Mtu aliyemaliza dawa za malaria wiki mbili zilizopita anaweza kupima chanya leo, wakati kinachomuumiza ni kitu kingine kabisa. Kadhalika, mtu anaweza kuwa na malaria kweli na kidole tumbo kwa wakati mmoja. Kipimo chanya kinakuambia jambo kuhusu damu ya mgonjwa. Hakikuambii kwa nini tumbo linauma.

Historia ya maumivu ndiyo inayojibu swali hilo, na inachukua dakika tano.

Kabla ya kuanza: lugha na faragha

Katika kambi zetu mhudumu na mgonjwa mara nyingi hawana lugha moja ya nyumbani. Mambo mawili hupotosha historia mara kwa mara.

La kwanza ni maneno. Mgonjwa anayesema "moyo unaniuma" huenda anaonyesha chembe ya moyo, yaani sehemu ya juu ya tumbo chini ya mfupa wa kifua. "Kichomi" kwa mmoja ni maumivu ya mbavu anapovuta pumzi, na kwa mwingine ni maumivu yoyote yanayochoma. "Chango" ni neno linalotumika kwa maumivu ya hedhi, kwa minyoo na hata kwa ugumba. Katika Kirundi na Kinyarwanda kitenzi cha kuumwa ni kilekile cha kula, hivyo mkalimani anaweza kukuambia kwamba tumbo "linamla" mgonjwa, nawe ukaandika kuwashwa au kuchoma. Basi usiandike neno mpaka umeona mkono wa mgonjwa umewekwa wapi. Mwombe aonyeshe kwa kidole kimoja.

La pili ni nani yuko chumbani. Mwanamke hawezi kujibu vizuri kuhusu hedhi, mimba au kutokwa na uchafu ukeni kama anayetafsiri ni mume wake, shemeji au jirani wa kibanda cha pili. Mtafute mkalimani mwanamke, mwombe aliyemsindikiza asubiri nje, na umweleze mgonjwa kwamba unayoyauliza hayatoki humo ndani. Jambo hili ni muhimu zaidi kwa wasichana, na kwa wale waliofanyiwa ukatili njiani au kambini.

Anza kwa swali la wazi: "Mama, nieleze maumivu yako tangu yalipoanza mpaka sasa." Kisha nyamaza umwache aseme. Wagonjwa wengi humaliza kwa dakika moja au mbili. Maswali sita yafuatayo ni ya kujaza mapengo aliyoyaacha. Usiyafanye kuwa ya kumkatiza.

1. Yalianzaje?

Uliza: "Ulikuwa unafanya nini yalipoanza?" Swali hili ni bora kuliko "yalianza lini", kwa sababu linapima kasi. Mgonjwa anayejibu "nilikuwa nachota maji, ghafla nikashikwa nikakaa chini" anakumbuka dakika yenyewe. Maumivu ya namna hii yanatokana na kitu kilichopasuka, kilichotoboka, kilichojinyonga au kilichoziba ghafla: kidonda cha tumbo kilichotoboka, mimba iliyotunga nje ya kizazi ikapasuka, kokwa au kifuko cha mayai kilichojisokota, au jiwe linaloshuka kutoka kwenye figo.

Mgonjwa anayejibu "yalianza kidogokidogo tangu juzi" anaelekeza kwenye uvimbe unaokua kwa saa au siku: kidole tumbo, uambukizo wa mirija ya uzazi, mfuko wa nyongo, jipu la ini.

Uliza pia kitu gani kilitangulia. Katika kidole tumbo kwa kawaida maumivu huanza, kisha hamu ya kula hupotea na kutapika hufuata. Katika kuhara na kutapika kwa uambukizo wa utumbo, kutapika mara nyingi hutangulia au huja pamoja na maumivu. Mpangilio huu hauna uhakika wa moja kwa moja, lakini mgonjwa aliyeanza na maumivu, akatapika baadaye, na hajaharisha vya kutosha, asiandikiwe haraka "tumbo la kuhara".

2. Yako wapi, na yalianzia hapo hapo?

Uliza mahali mara mbili: yalipoanza na yalipo sasa. Sababu ni hii. Utumbo na viungo vya ndani vina mishipa ya fahamu isiyojua mahali vizuri. Kiungo kinapoanza kuumwa, ubongo hupokea maumivu kama kitu kisichoeleweka katikati ya tumbo: chembe ya moyo kwa mfuko wa chakula na nyongo, kitovuni kwa utumbo mwembamba na kidole tumbo, chini ya kitovu kwa utumbo mpana na kizazi. Uvimbe ukifika kwenye utando unaofunika ukuta wa tumbo kwa ndani, mambo hubadilika. Utando huo unajua mahali kama ngozi inavyojua, na sasa mgonjwa anaweza kuonyesha kwa kidole.

Ndiyo maana mgonjwa wa kidole tumbo husema maumivu yalianzia kitovuni jana, na leo yako chini upande wa kulia. Kuhama huko ni dalili yenye uzito. Hata hivyo kukosekana kwake hakuondoi ugonjwa. Wagonjwa wengi wa kidole tumbo hawana historia hiyo nzuri ya vitabuni, hasa watoto wadogo, wazee na wajawazito.

Kwa mtoto, kumbuka sehemu mbili zilizo nje ya tumbo. Nimonia ya sehemu ya chini ya pafu huweza kujitokeza kama maumivu ya tumbo, kwa hiyo hesabu pumzi. Na mvulana anayelalamika tumbo la chini avuliwe nguo na korodani ziangaliwe. Korodani iliyojisokota huharibika ndani ya saa chache, na wavulana wengi huona haya kusema panapouma hasa.

3. Yanaumaje?

Hili ndilo swali dhaifu kuliko yote sita, kwa sababu maneno ya maumivu hayatafsiriki vizuri. Usipoteze muda kumfanya mgonjwa achague kati ya "kuchoma", "kukata" na "kuchonyota". Tafuta tofauti moja tu: je, maumivu yanakuja na kuondoka kama mawimbi, au yamekaa palepale?

Maumivu ya mawimbi ni ya mrija wenye misuli unaojikaza kusukuma kitu: utumbo ulioziba, kizazi, mrija wa figo. Maumivu yaliyokaa ni ya uvimbe, damu au usaha ndani ya tumbo. Angalia pia mgonjwa anavyokaa. Mwenye jiwe la figo hatulii, anageuka huku na huku, anasimama, anakaa. Mwenye usaha au damu iliyouchokoza utando wa tumbo mara nyingi amelala kimya na hataki kitanda kiguswe. Ukimuuliza habari za safari ya kuja kituoni kwa pikipiki au baiskeli, atakuambia kila shimo la njiani lilimuumiza.

Hatari ipo pale maumivu ya mawimbi yanapogeuka kuwa ya kudumu kwa mgonjwa anayetapika, mwenye tumbo lililojaa, na asiyetoa choo wala upepo. Hiyo inaweza kuwa na maana kwamba utumbo ulioziba sasa unakosa damu. Mgonjwa huyo ni wa upasuaji, na kila saa ina thamani.

4. Yanakwenda wapi?

Mishipa ya fahamu ya viungo mbalimbali huingia kwenye uti wa mgongo mahali pamoja na ya ngozi ya mbali, hivyo ubongo husoma maumivu mahali ambapo hakuna ugonjwa. Majibu manne yanatosha kukumbukwa:

- Kutoka kiunoni ubavuni kushuka kinenani, hadi kwenye korodani au mashavu ya uke: fikiria mrija wa figo.
- Kutoka chini ya mbavu za kulia kwenda kwenye ncha ya bega la nyuma la kulia: fikiria mfuko wa nyongo.
- Kutoka chembe ya moyo kupenya hadi mgongoni: fikiria kongosho, au kidonda kilichochimba nyuma. Kwa mtu mzima wa makamo, maumivu ya chembe yanayokwenda mkononi au tayani yanaweza kuwa ya moyo wenyewe.
- Tumbo linauma, na juu ya bega panauma pia, hasa akilala chali: fikiria damu, usaha au hewa chini ya kiwambo, yaani msuli mpana unaotenganisha kifua na tumbo. Neva ya kiwambo hutoka shingoni, mahali pamoja na neva za ngozi ya bega.

Jibu la nne mgonjwa hatalitaja mwenyewe, kwa sababu haoni uhusiano wa bega na tumbo. Akilitaja, atalitaja kama ugonjwa wa pili, na mhudumu mwenye haraka atamwandikia dawa ya kuchua. Lazima uulize: "Ukilala chali, bega linauma?"

5. Yana muda gani, na yanakwendaje kwa siku?

Maumivu makali ya tumbo yaliyodumu zaidi ya saa sita kwa mtu aliyekuwa mzima yachukuliwe kuwa ya upasuaji mpaka utakapoona vinginevyo. Maumivu ya miezi, yanayokuja na kuondoka, mgonjwa akiwa hajakonda, yana nafasi ya kusubiri kliniki ya kawaida.

Kwa kila mwanamke aliye katika umri wa kuzaa, muda una maana ya pili: hedhi. Usiulize tu "hedhi ya mwisho lini?" Uliza: "Ilikuja siku yake? Ilikuwa nyingi kama kawaida? Na ile ya kabla yake?" Mwanamke mwenye mimba nje ya kizazi mara nyingi hutokwa na damu kidogo, nyeusinyeusi, na huihesabu kuwa hedhi. Ukiuliza tarehe tu, utaambiwa "wiki iliyopita", nawe utaiondoa mimba kwenye orodha. Kutumia sindano ya uzazi wa mpango, kitanzi au hata kufungwa kizazi kunapunguza uwezekano wa mimba, lakini hakuuondoi, na mimba chache zinazotokea kwa mwenye kitanzi au aliyefungwa kizazi zina uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa nje ya kizazi.

Kwa mjamzito aliyepita wiki 20, maumivu ya chembe ya moyo au chini ya mbavu za kulia yasiitwe kiungulia kabla hujapima shinikizo la damu na protini kwenye mkojo. Inaweza kuwa dalili ya kifafa cha mimba kinachokaribia.

6. Nini kinayapunguza, na nini kinayazidisha?

Uliza kuhusu chakula, mwendo, pumzi, choo na dawa. Kidonda cha utumbo wa juu mara nyingi humwamsha mgonjwa usiku na hutulia akila kidogo. Maumivu ya mfuko wa nyongo huja baada ya mlo wenye mafuta. Maumivu ya kongosho hupungua akiinama mbele. Kukohoa, kutembea na kugeuka huzidisha maumivu ya utando wa tumbo.

Kwenye dawa, uliza kwa majina na umwombe alete vifuko alivyonavyo nyumbani. Wagonjwa wengi wamekwisha kumeza diklofenaki au ibuprofeni kutoka dukani kabla ya kuja. Dawa hizo zinafanya mambo mawili: zinaficha ukali wa maumivu kwa saa kadhaa, na zenyewe huleta vidonda vya tumbo vinavyoweza kutoboka. Uliza pia kuhusu dawa za kienyeji za kunywa au za kuingiza kwa njia ya haja kubwa.

Tuondoe hapa jambo la zamani. Wengi wetu tulifundishwa kutompa mgonjwa dawa ya maumivu mpaka daktari wa upasuaji amwone, ili dalili zisifichike. Utafiti umeonyesha kwamba kumpa mgonjwa dawa ya kutosha baada ya historia na uchunguzi hakuharibu utambuzi. Andika ulichokiona, mpe dawa, na uandike saa uliyompa.

MGONJWA WA MFANO

Mgonjwa huyu ametungwa kwa ajili ya somo, lakini kila sehemu ya historia yake hukutwa kwenye vyumba vyetu vya wagonjwa.

Mwanamke wa miaka 24, kutoka Kivu Kusini, ana mtoto mmoja wa miaka 4. Amefika saa 3 asubuhi akishikiliwa na dada yake. Kwenye karatasi ya mapokezi imeandikwa: "Tumbo, kizunguzungu. Joto 37.2. Kipimo cha haraka cha malaria: chanya." Kadi yake inaonyesha alipewa dawa mseto ya malaria siku 12 zilizopita, akamaliza. Ukiishia kwenye karatasi hiyo, ataondoka na dozi nyingine ya dawa mseto na ya minyoo.

Tabibu anamwomba dada asubiri nje, na mkalimani mwanamke anaingia.

"Mama, nieleze maumivu yako tangu yalipoanza."

"Daktari, tumbo inaniuma tangu jana jioni. Nilikuwa nasonga ugali, ikanikata mara moja, nikaacha mwiko."

Hapa jibu la swali la kwanza limepatikana bila kuulizwa: ghafla. Malaria na taifodi hazianzi kwa kumfanya mtu aache mwiko. Zinashuka kwenye orodha. Kidole tumbo nacho kinashuka, ingawa hakijatoka. Zinapanda: mimba nje ya kizazi, kifuko cha mayai kilichojisokota, kidonda kilichotoboka, jiwe la figo.

"Nionyeshe kwa kidole yalipoanzia."

Anaonyesha chini ya kitovu, upande wa kushoto, karibu na kinena. "Sasa inauma chini kote."

Kidonda kilichotoboka kingeanzia chembe ya moyo. Kinashuka. Maumivu yaliyoanzia sehemu moja ya chini kisha yakaenea yanasema kuna kitu kinachosambaa ndani ya tumbo.

"Yanakuja na kuondoka, au yamekaa?"

"Imekaa. Nikitembea inazidi." Amelala kwa kujikunja, hatikisiki. Jiwe la figo linashuka, kwa kuwa mwenye jiwe angekuwa anahangaika.

"Ukilala chali, kuna mahali pengine panauma?"

Anafikiri kidogo. "Bega. Usiku nimeshindwa kulala sababu ya bega. Nilidhani ni ndoo ya maji."

Jibu hili limebadilisha mgonjwa. Bega linalouma akilala chali, kwa mwanamke mwenye maumivu ya ghafla ya tumbo la chini, ni damu chini ya kiwambo mpaka itakapothibitika vinginevyo. Kifuko cha mayai kilichojisokota hakitoi damu ya kufika huko.

"Hedhi yako ya mwisho?"

"Wiki iliyopita."

"Ilikuwa kama kawaida?"

"Hapana. Matone tu, nyeusi, siku mbili. Ile ya kweli..." Anahesabu kwa siku za mgao wa chakula. Mgao hugawiwa mara moja kwa mwezi, na hedhi kamili ilikuja kabla ya mgao wa mwezi uliopita. Zinapatikana kama wiki 7.

"Kuna kinachopunguza?"

"Nilimeza dawa ya maumivu ya dukani, ikapoa kidogo. Asubuhi nilihisi haja kubwa, nikaenda chooni, hakuna kitu. Nikisimama naona giza."

Kuhisi haja kubwa bila choo hutokea damu inapojikusanya nyuma ya kizazi na kusukuma utumbo wa mwisho. Jambo hili huwapeleka wengi kuandika "kuhara" au "kufunga choo". Kuona giza akisimama ni upungufu wa damu mwilini.

Mazungumzo yote yamechukua dakika sita. Sasa uchunguzi una kitu cha kutafuta: mapigo ya moyo 112 kwa dakika, shinikizo la damu 100/60, kope za ndani zimepauka, tumbo la chini linauma likiguswa. Kipimo cha mimba cha mkojo: chanya.

Angalia kwamba shinikizo la damu bado linaonekana la kuvumilika. Kwa kijana mwenye afya, mwili hubana mishipa na kushikilia shinikizo mpaka damu nyingi imepotea, kisha huanguka kwa ghafla. Mapigo ya moyo kwa kawaida hupanda mapema, ingawa si kila mara. Usisubiri shinikizo lishuke ndipo uamini historia.

Hatua zilizofuata: dripu mbili kwa kanula kubwa za namba 16 au 18, damu ichukuliwe kwa ajili ya kundi na kulinganisha, asipewe kitu mdomoni, apewe dawa ya maumivu kwa sindano, gari la wagonjwa liitwe, na hospitali ipigiwe simu kuambiwa "tunashuku mimba nje ya kizazi iliyopasuka", wala si "maumivu ya tumbo". Maji ya dripu yaende kwa kiasi cha kumfanya abaki na fahamu na shinikizo la juu lisishuke chini ya 90. Kumjaza lita nyingi hupunguza uwezo wa damu kuganda na kunaweza kuongeza kutoka damu. Kinachomponya ni upasuaji. Ndugu wawili au watatu walio tayari kuchangia damu wapande gari pamoja naye. Malaria itapimwa upya kwa darubini baada ya upasuaji.

Historia haimalizi kila kitu

Maswali sita hupunguza orodha, lakini hayatoi jibu la mwisho peke yake. Mgonjwa wetu angeweza kuwa na bega lisilouma na bado ana mimba nje ya kizazi. Ndiyo maana kipimo cha mimba kifanywe kwa kila mwanamke wa umri wa kuzaa mwenye maumivu ya tumbo au aliyezimia, hata akikuambia hana uwezekano wa kuwa mjamzito. Kwa wazee na wenye kinga dhaifu, maumivu huweza kuwa madogo kuliko ugonjwa. Kwa hao, amini mapigo ya moyo na pumzi kuliko maneno.

Ikiwa baada ya maswali yote bado hujui, andika "maumivu ya tumbo, chanzo hakijajulikana", na umweke mgonjwa kwenye chumba cha uangalizi. Muulize maswali yaleyale baada ya saa nne au sita, kisha linganisha. Kidole tumbo ambacho saa 4 asubuhi kilikuwa maumivu ya kitovuni, saa 10 jioni huenda kimekwisha kuhama. Kuandika jina la ugonjwa usioujua humfunga macho mhudumu wa zamu inayofuata.

JIPIME

Swali la 1. Mvulana wa miaka 14 analalamika tumbo la chini upande wa kushoto. Limeanza ghafla usiku wa manane, ametapika mara mbili, hana homa. Utafanya nini kwanza?

Swali la 2. Mwanamume wa miaka 45, anatumia diklofenaki kila siku kwa ajili ya mgongo. Saa mbili zilizopita ameshikwa ghafla na maumivu makali ya chembe ya moyo. Sasa tumbo lote linauma, amelala hatikisiki. Mkalimani anasema "vidonda vyake vya tumbo vimeamka". Je, apewe dawa ya kupunguza asidi na kurudi nyumbani?

Swali la 3. Mama mwenye mimba ya wiki 34 anasema "moyo unaniuma" na anaonyesha chini ya mfupa wa kifua. Kichwa nacho kinauma tangu jana. Kipimo gani hakipaswi kusubiri?

Majibu

1. Mvue nguo, angalia korodani. Ikiwa moja imevimba, imepanda juu au haiguswi kwa maumivu, ni korodani iliyojisokota mpaka ithibitike vinginevyo, na rufaa ni ya saa hiyo hiyo. Uwezekano wa kuiokoa ni mkubwa ndani ya saa sita za mwanzo, na hupungua haraka baada ya hapo.

2. Hapana. Ghafla, chembe ya moyo, kisha tumbo lote, na kutotikisika: hii ni historia ya kidonda kilichotoboka. Asile wala asinywe, apewe dripu, dawa ya maumivu na antibiotiki kwa mshipa, apelekwe kwa upasuaji.

3. Shinikizo la damu, pamoja na protini kwenye mkojo. Ikiwa limefika 140/90 au zaidi, dalili hizo mbili zinaelekeza kwenye hali kali inayotangulia kifafa cha mimba. Fuata mwongozo wa magnesiamu salfeti wa kituo chako na uandae rufaa.

Kata kisanduku hiki ukibandike juu ya meza:

MAUMIVU YA TUMBO
1. Ulikuwa unafanya nini yalipoanza?
2. Yalianzia wapi, na sasa yako wapi? (kidole kimoja)
3. Yamekaa, au ni mawimbi?
4. Yanakwenda wapi? Bega ukilala chali?
5. Tangu lini? Hedhi ya mwisho ILIYO YA KAWAIDA?
6. Nini kinapunguza, nini kinazidisha? Umemeza nini?
Mwanamke wa umri wa kuzaa: kipimo cha mimba. Mvulana: korodani. Mtoto: hesabu pumzi.